Milioni arobaini za mwaka gani?

Tuseme kamati ya shule inataka kujenga vyumba viwili vya madarasa. Mwalimu mkuu anafungua kabati na kutoa faili la ujenzi wa 2018: vyumba viwili vya ramani ileile viligharimu shilingi milioni 40. Mjumbe mmoja anasema waombe milioni 40, mwingine anasema waongeze kidogo, kwa kuwa saruji imepanda. Hiyo "kidogo" ni kiasi gani? Hapo ndipo inapohitajika fahirisi ya bei.

Fahirisi ni namba inayoonyesha bei za vitu fulani zimesogea kiasi gani tangu mwaka wa kizio, ambao hupewa namba 100. Ikisoma 112, maana yake vitu vilevile, kwa kiasi kilekile, sasa vinanunuliwa kwa asilimia 12 zaidi. Ili kuileta gharama ya zamani katika bei za leo, izidishe kwa fahirisi ya leo, kisha ugawanye kwa fahirisi ya wakati ule. Kama fahirisi ya ujenzi ilikuwa 112 mwaka 2018 na leo ni 154, basi milioni 40 mara 154, gawanya kwa 112, ni milioni 55.

Wengi hukosea kwa kutoa badala ya kugawanya. Wanaona 154 kutoa 112 ni 42, wanaongeza asilimia 42 na kupata milioni 56.8. Lakini hizo 42 ni pointi, na zinapimwa kutoka 100 ya mwaka wa kizio, si kutoka 112 ya mwaka waliojenga. Ongezeko halisi ni asilimia 37.5.

Kosa la pili ni kuchukua fahirisi yoyote iliyo karibu. Fahirisi ya bei za mlaji, ile inayotangazwa kila mwezi kwenye habari za mfumuko wa bei, hupima unga, nauli, kodi ya nyumba na mavazi. Darasa halijengwi kwa unga. Jarida la Marekani la Engineering News-Record lina fahirisi ya ujenzi ambayo kizio chake ni 1913, na kapu lake lina saa 200 za kibarua, tani 1.128 za saruji, pamoja na chuma na mbao. Nchini Kenya, Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa fahirisi ya bei za pembejeo za ujenzi kila robo mwaka. Kabla ya kuitumia fahirisi, soma kapu lake lina nini.

Tatizo la tatu hujificha: mwaka wa kizio hubadilishwa. Tuseme mfululizo wa zamani ulikoma 2021 ukiwa 140, na mpya ukaanza mwaka huohuo kwa 100. Leo mpya unasoma 110. Ukigawanya 110 kwa 112, utapata milioni 39.3, kana kwamba ujenzi umekuwa rahisi kuliko 2018. Bei zikionekana kushuka hivyo na dukani hazijashuka, jua umechanganya mifululizo miwili. Iunganishe kwanza: 140 mara 110, gawanya kwa 100, unapata 154 yetu.

Halafu kuna tarehe. Kama ujenzi ulikuwa wa fosi akaunti, na vifaa vilinunuliwa kidogokidogo kuanzia Februari hadi Oktoba, chukua fahirisi ya Juni, katikati ya matumizi, si ya siku ya uzinduzi. Kama alikuwepo mkandarasi mwenye bei isiyobadilika, chukua ya wakati alipotoa bei yake. Na kama madarasa mapya yatajengwa mwakani, milioni 55 ni bei ya leo tu. Makadirio ya kupanda hadi katikati ya ujenzi huongezwa juu yake.

Lakini fahirisi hurekebisha bei peke yake. Rudi kwenye lile faili: kuna risiti za saruji, nondo na mabati, ila hakuna hata moja ya mchanga wala mawe. Wazazi walivileta wenyewe, kwa nguvu za wananchi. Zile milioni 40 hazikuwahi kubeba gharama hiyo, na fahirisi haiwezi kukuza kitu ambacho hakikuandikwa. Vivyo hivyo ramani ikiongezwa veranda, au shule ikiwa kisiwani ambako kila mfuko wa saruji hupanda boti, hayo hurekebishwa kando.

Ndiyo maana mkadiriaji majenzi, akipewa namba kutoka faili la zamani, huuliza kwanza ni ya mwezi gani na nini hakikuhesabiwa. Akishapata majibu hayo mawili, ndipo anapochukua kikokotoo.