Chanzo cha Ujumbe wa `CPU Fan Error` Wakati wa Kuwasha Kompyuta

Kompyuta inaposita kuwaka na kuonyesha `CPU Fan Error! Press F1 to Run SETUP`, prosesa hushukiwa kabla ya kuchunguzwa. Shuku hiyo ni dhaifu, kwani prosesa hiyohiyo ndiyo iliyotekeleza programu iliyoandika ujumbe huo. Kinachoripotiwa ni kukosekana kwa ishara ya mwendo wa feni. Kihisi kilichomo ndani ya feni hutoa mapigo mawili kwa kila mzunguko, nayo hufika kwenye ubao mama kupitia pini ya 3.

Chukulia feni inayozunguka vizuri, ilhali mipangilio inasoma `0 RPM`. Kwanza hutazamwa iwapo plagi imechomekwa `CPU_FAN`, wala si `CHA_FAN`, ambako feni hupata umeme lakini mapigo yake huhesabiwa kuwa ya feni ya kasha. Kosa hili hufanyika kwa urahisi baada ya kupangusa vumbi. Plagi ikiwa mahali pake, feni nyingine iliyo nzima huchomekwa hapo: ikisomeka, ubovu umo katika waya au kihisi cha feni ya awali, isiposomeka, pini au saketi ya ubao mama ndiyo yenye hitilafu. Kulizima onyo kwa `Ignore` huiwasha kompyuta, lakini siku feni itakaposimama kweli hakutakuwa na taarifa.