Chakula cha Gegedu Kinachoishia Njiani

Anayetafuna paja la kuku mpaka ncha ya mfupa analijua gegedu: ile tishu nyeupe, laini ukiigusa lakini ngumu kuikata. Kwenye goti la binadamu hufunika ncha za mifupa ili isisuguane. Sehemu yake kubwa ni maji, na kinachoyashikilia ni minyororo ya sukari yenye chaji hasi, hasa kondroitini salfeti, iliyotapakaa kati ya nyuzi za kolajeni. Mtu akikanyaga, maji hukamuliwa kidogo. Akiinua mguu, minyororo huyavuta tena.

Goti linaposagika, minyororo hiyo huvunjwa haraka kuliko inavyotengenezwa. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Glukosamini ni sukari ndogo ambayo seli za gegedu huitumia kuunda minyororo hiyo, na hutolewa viwandani kutoka kwenye magamba ya kamba na kaa. Kondroitini hupatikana, kwa mfano, kwenye koromeo la ng'ombe. Basi kwa nini mgonjwa asimeze malighafi ya kukarabati goti lake? Wazo lilinoga zaidi watafiti walipoona kwamba seli za gegedu zilizooteshwa maabara, zikiongezewa glukosamini, zilipunguza kazi ya vimeng'enya vinavyobomoa gegedu. Mwaka 2001 watafiti wa Ubelgiji wakatangaza matokeo ya wagonjwa 212 waliofuatiliwa kwa miaka 3: kwa waliomeza dawa bandia, nafasi kati ya mifupa ya goti ilipungua kwa wastani wa milimita 0.31, kwa waliomeza glukosamini, milimita 0.06 tu.

Serikali ya Marekani ikaamua kugharamia jaribio lake, lililoitwa GAIT. Wagonjwa 1,583 wenye maumivu ya goti waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matano: glukosamini miligramu 1,500 kwa siku, kondroitini miligramu 1,200, zote mbili pamoja, selekoksibu ambayo ni dawa ya kawaida ya maumivu, na vidonge bandia visivyo na dawa. Kipimo kilikuwa chepesi kueleweka: je, baada ya wiki 24 maumivu yamepungua kwa asilimia 20 au zaidi?

Matokeo yalichapishwa Februari 2006. Kwenye kundi la vidonge bandia, asilimia 60.1 walipata nafuu hiyo. Glukosamini ilifikisha asilimia 64.0, kondroitini 65.4, na zote mbili 66.6. Selekoksibu pekee, kwa asilimia 70.1, ndiyo iliyozidi vidonge bandia kwa tofauti isiyoweza kuelezwa kirahisi na bahati.

Kinachoshangaza ni ile 60.1. Maumivu ya goti lililosagika hupanda na kushuka, na mtu hujiunga na utafiti pale yanapomzidi. Nusu mwaka baadaye wengi huwa afadhali hata bila dawa. Ongeza matumaini, na ruhusa waliyokuwa nayo ya kumeza parasetamo. Ndiyo maana jirani anayeapa kwamba vidonge vimemponya huenda hasemi uongo hata kidogo: nafuu ni ya kweli, ila chanzo chake ni kingine.

Watetezi wa vidonge hushika takwimu moja ya GAIT. Kati ya wagonjwa 354 wenye maumivu makali zaidi, asilimia 79.2 ya waliopewa mchanganyiko walipata nafuu, dhidi ya 54.3 ya vidonge bandia. Tofauti kubwa, lakini kundi ni dogo, na ukikata matokeo vipande vingi, kimoja huweza kung'aa kwa bahati tu. Uchambuzi wa mwaka 2010, uliojumlisha majaribio 10 na wagonjwa 3,803, ulikuta kwamba kwenye mstari wa maumivu wa sentimita 10 glukosamini ilipunguza sentimita 0.4 tu, chini ya 0.9 ambayo watafiti waliihesabu kuwa nafuu ya maana. Majaribio yasiyofadhiliwa na viwanda yalionyesha faida ndogo zaidi.

Lakini wazo lenyewe lilivujia wapi? Kwanza, kipimo. Gegedu halina mishipa ya damu. Kinachomezwa hupita kwenye utumbo na ini kabla ya kufika kwenye ute wa goti, na kiasi kinachobaki ni kidogo sana kikilinganishwa na kile kilichomwagiwa seli maabara. Pili, seli hazina njaa ya glukosamini, kwani huitengeneza zenyewe kutokana na glukosi. Kumpelekea fundi mifuko ya saruji hakusaidii ikiwa wabomoaji bado wako kazini. Tatu, gegedu halina neva: maumivu hutoka kwenye mfupa ulio chini yake na utando unaozunguka kiungo, kwa hiyo hata gegedu likinufaika kidogo, mgonjwa anaweza asihisi kitu.

Mwaka 2019 chama cha madaktari wa baridi yabisi wa Marekani kilishauri kwa nguvu glukosamini isitumiwe kwa goti wala nyonga. Bado huuzwa huko kama virutubisho, bila cheti cha daktari. Wengi huvimeza bila madhara makubwa, ila anayetumia wafarini amwambie daktari kabla, maana imewahi kuripotiwa kwamba damu ya watumiaji wa vyote viwili huwa nyepesi kupita kiasi.