Mtoto Mmoja, Makanisa Mawili: Mupango wa Nyumbani

Masomo: Matendo 16:1-3, 2 Timoteo 1:5

Timoteo alikulia katika nyumba ya imani mbili. Mama yake Eunike alikuwa Myahudi aliyeamini, baba yake alikuwa Mgiriki. Mtume Paulo anapokumbuka imani ya kijana huyu, anaanza na koko yake Loisi. Lakini Timoteo alikuwa amekua bila kutahiriwa, na jambo hilo lilimrudia ukubwani. Kawaida ambayo wazazi wameiacha bila kuisemea inakuja kumdai mtoto mwenyewe.

Hapa Bukavu nyumba ya namna hiyo mara nyingi ni ya papa Mkatoliki na mama Mpentekoste, ao kinyume chake. Tuchukue moja kama mfano: wanaishi Kadutu, mtoto ana miezi miwili, na koko wa upande wa papa anataka abatizwe kabla ya Pasaka. Mama anasema mtoto mchanga habatizwi. Wamefika mahali pa kula bila kuongea.

Kwanza tuwaambie wa kwetu: koko haongei kwa ukaidi tu. Mkatoliki anapooa mtu wa kanisa lingine kwa ruhusa ya kanisa lake, anaahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mwenzake haahidi kitu, ila sheria yao inataka ajulishwe ahadi hiyo. Siku ya ndoa kila mtu anafikiri nguo na wageni, na neno hilo linapita. Linarudi mtoto anapozaliwa. Basi swali la kwanza kwa mume ni hili: “Uliahidi nini?” Na tusikie vizuri: aliahidi kufanya awezavyo. Mke naye ana dhamiri mbele ya Mungu, na mume hakuahidi kuivunja.

Sasa ubatizo wenyewe. Kwa Wakatoliki, wazazi wanapaswa kumleta mtoto katika majuma ya kwanza. Inatosha mzazi mmoja akubali, na pawe na tumaini kwamba mtoto atalelewa katika imani hiyo. Koko peke yake hana ruhusa ya kumpeleka, isipokuwa mtoto yuko katika hatari ya kufa. Mpentekoste hawezi kuwa parene ao marene; anaweza kusimama kama shahidi tu, kando ya parene ao marene Mkatoliki. Mtoto akishafika umri wa akili, nao wanauhesabu tangu miaka 7, habatizwi tena kama mchanga: anafundishwa, na yeye mwenyewe anaomba.

Kwetu, mtoto mchanga anabarikiwa mbele ya kanisa, kama Hana alivyomleta Samweli. Maji mengi yanangoja siku atakayokiri imani kwa kinywa chake.

Pahali pagumu ni hapa. Sisi hatuhesabu ubatizo wa mtoto mchanga. Kwa Wakatoliki unadumu milele, haurudiwi. Kwa hiyo kijana aliyebatizwa parokiani akiwa mchanga, akizamishwa kwetu akiwa na miaka 16, sisi tutaimba, lakini koko ataona ubatizo wake umetukanwa. Mama asikubali leo akijisemea moyoni, “Tutamzamisha kisha.” Aseme wazi sasa: “Siku mtoto akiomba mwenyewe, mutamwachilia?” Na papa ajibu mbele ya koko.

Wenye nyumba ya mfano wetu wana njia mbili. Njia moja, mtoto abatizwe parokiani, mama awepo, na neno hilo la kesho liwe limesemwa. Njia nyingine, wamngojee mtoto: wambariki, wamwombee, na akifika miaka 7 na zaidi achague kufundishwa. Njia hii ya pili inamgarimu papa, kwa sababu anachelewesha jambo ambalo kanisa lake linamwomba alifanye mapema. Tusiiite njia ya katikati isiyoumiza mtu. Upande wowote mzigo unapoangukia, mwingine aujue na aushukuru.

Njia ya tatu ndiyo inayovunja nyumba: siri. Mtoto anapelekwa parokiani siku mama yuko sokoni, na kadi ya ubatizo inaonekana miaka mitatu baadaye chini ya nguo. Na sisi tuna siri yetu: mtoto wa miaka 9 anazamishwa ziwani bila papa yake kujua. Dalili ni moja pande zote mbili: mtoto anaanza kusema, “Nimekatazwa kukuambia.” Wachungaji, tusimpeleke mtoto majini kabla ya kuongea na wazazi wote wawili.

Tena, mabishano ya ubatizo yasiwasahaulishe komini. Kadi ya ubatizo si cheti cha kuzaliwa. Mtoto anaandikishwa kwenye ofisi ya eta-sivile katika siku 90 tangu azaliwe. Zikipita, inabidi kupitia tribinali. Hilo halina dini. Wazazi walifanye la kwanza.

Juu ya shule. Tangu mapatano ya 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule nyingi zetu ni za Serikali lakini zinaongozwa na Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu ao Waislamu. Kwa hiyo watoto wengi wa Kipentekoste wanasoma kwa masista na mapadri, na hawakupotea. Kusoma somo la dini si sawa na kuandikishwa kwa komuniyo ya kwanza. Mwanzoni mwa mwaka wazazi wote wawili waende kwa mkurugenzi, waulize mtoto ataombwa kushiriki nini, na waseme jibu moja. Mtoto asibebeshwe kazi ya kukataa peke yake mbele ya darasa.

Siku kuu nazo zitengwe mapema. Noeli na Pasaka ni zetu wote: ibada ya kila mmoja, kisha meza moja. Ngumu ni tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi. Asubuhi watu wanaenda makaburini, mchana wanakula na wazazi walio hai. Koko Mkatoliki anataka kuwaombea wafu wake, na sisi hatufanyi hivyo. Lakini kukata majani kwenye kaburi la babu, kupanda maua, na kumsimulia mtoto jina lake, hakuna andiko linalokataza. Mama aende na jembe. Wakati wa sala ya wafu anyamaze kwa heshima, na mtoto akiuliza nyumbani ajibiwe bila kumcheka koko.

Maana koko anaogopa kitu kimoja: kwamba mjukuu atakuwa mgeni kwake. Basi aambiwe habari na mwanawe mwenyewe, si na mukwe; aambiwe kabla ya siku, si kisha; na apewe kazi ya kweli. Amfundishe mtoto Baba Yetu, sala tunayoiomba sisi sote. Loisi hakuhitaji zaidi ya hapo kuanza.

Kwa vikundi vya sala juma hili: kila nyumba yenye imani mbili iandike karatasi moja yenye mambo manne, ubatizo, shule, siku kuu, na nani atamwambia koko. Wote wawili watie sahihi, na waisome tena kila mwaka mtoto anapopanda darasa.

Neema ya Bwana ikae nanyi.