Gemu Haifunguki, na Kosa Haliko Kwenye Gemu

Umenunua Forza Horizon 5 kwenye duka la Microsoft Store, umeipakua ikamaliza, ukabofya kuifungua. Picha ya mwanzo inatokea sekunde chache, kisha inapotea bila neno. Wengi hapo huifuta gemu na kuipakua upya. Nawasihi wasifanye hivyo kwanza: gemu hii inazidi gigabaiti 100, na bando la kuirudia ni fedha nyingi kwa jambo ambalo mara nyingi halitabadilika.

Gemu nyingi za duka hili hutegemea programu nyingine iitwayo Gaming Services. Hiyo ndiyo husaidia kuzisakinisha na kuzifungua, nayo hufanya kazi kimyakimya kama huduma za Windows. Sasisho likikatika katikati, programu huweza kubaki kwenye orodha wakati huduma zake hazipo. Ili kujua, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `services.msc`, kisha tafuta GamingServices na GamingServicesNet. Zikikosekana, au ukiona namba 0x80070424, ambayo maana yake ni kwamba huduma iliyoitwa haijasakinishwa, umempata mhusika.

Fungua PowerShell kwa mamlaka ya msimamizi, uiondoe programu hiyo, halafu ufungue ukurasa wake dukani:

```
Get-AppxPackage Microsoft.GamingServices | Remove-AppxPackage -AllUsers
start ms-windows-store://pdp/?productid=9MWPM2CQNLHN
```

Isakinishe, na hapa uwe macho. Windows inaweza kukuomba ruhusa, na dirisha la ombi likajificha nyuma ya madirisha mengine, likionekana tu kama alama inayomweka chini ya skrini. Usipokubali, huduma hazitasimikwa na utarudi ulikoanzia. Ukikubali, izime kompyuta na kuiwasha tena, kisha ujaribu gemu yako ileile. Anayeogopa kuandika amri anaweza kutumia zana ya kurekebisha Gaming Services iliyomo ndani ya programu ya Xbox, upande wa msaada.

Huduma zikiwa nzima na gemu bado inagoma, tazama akaunti. Leseni hufuata akaunti iliyonunua. Kaka akinunua kwa akaunti yake na mdogo wake akawa ameingia dukani kwa nyingine, mafaili yapo lakini haki ya kuyafungua haipo. Hakikisha duka na programu ya Xbox zote zinatumia akaunti ya mnunuzi.

Namba 0x80070005 nayo husema ruhusa imekataliwa. Wapo watakaokushauri ulichukue folda la WindowsApps liwe mali yako. Usikubali. Windows imelifunga makusudi, na ukivuruga ruhusa zake, hata programu nyingine zilizotoka dukani zinaweza kuacha kufunguka. Kuzirudisha ruhusa hizo kama zilivyokuwa ni kazi ngumu, na aghalabu huishia kwa kusakinisha Windows upya.