Adrenalini Kwanza, na Mgonjwa Asisimame

Mjamzito anayekutwa na kaswende kliniki huchomwa penisilini ya benzathini, uniti milioni 2.4, kwenye misuli ya matako. Ni sindano nzito na inauma, lakini ndiyo inayomkinga mtoto aliye tumboni. Hata hivyo wauguzi wengi huichoma kwa wasiwasi, hasa katika zahanati iliyo mbali na hospitali. Kwa watu wachache sana mwili huipokea penisilini kama adui, na ndani ya dakika chache mgonjwa aliyeingia akitembea huwa anapigania pumzi. Huo ni mzio mkali wa ghafla, na wataalamu huuita anafilaksia. Unaweza pia kuletwa na karanga, dagaa, nyuki au dawa nyingine, lakini tubaki na sindano hii, kwa kuwa hapa muuguzi ndiye yuko karibu na pengine yuko peke yake.

Tumfikirie mama mmoja mwenye mimba ya wiki 24. Amechomwa sindano yake na kuambiwa akae nusu saa kwenye benchi, pale muuguzi anapoweza kumwona. Nusu saa hiyo haina mjadala. Dakika ya tano anaanza kujikuna viganja. "Sista, mikono inaniwasha," anasema, kisha anashika shingo: "Koo linabana." Anatapika. Shingoni na kifuani yamemtoka mabaka mekundu yaliyovimba, na akivuta pumzi unasikia mlio wa filimbi kifuani. Mama mkwe aliyemsindikiza anataka ainuliwe, akae wima, anywe maji.

Hapa muuguzi ana swali moja: huyu amezirai tu kwa hofu ya sindano, au ni mzio? Hali hizi mbili hufanana kwa kuwa zote huangusha presha. Aliyezirai kwa hofu hupauka, mapigo ya moyo hupungua kasi, na ukimlaza chali hurudiwa na nguvu ndani ya dakika moja au mbili. Hawashwi, hana mabaka, na kifua chake ni safi. Mwenye anafilaksia mara nyingi moyo humwenda mbio, na kumlaza peke yake hakumrudishi. Kwa mama yetu mapigo ni 132 kwa dakika, presha ni 78 kwa 40, anapumua mara 30 kwa dakika, na kipimo cha kidole kinaonyesha oksijeni asilimia 89. Jibu limepatikana.

Lakini muuguzi asisubiri mabaka. Wapo wagonjwa ambao ngozi yao haionyeshi chochote, au mabaka huja baadaye presha inapopanda. Kinachohesabiwa ni njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu. Sauti ikikwaruza, ulimi ukivimba, kifua kikipiga filimbi, au presha ikianguka ghafla baada ya dawa, inatosha kuanza matibabu.

Muda ni mfupi kuliko watu wengi wanavyodhani. Daktari Richard Pumphrey wa Uingereza, katika uchunguzi wake wa vifo vya mzio uliochapishwa mwaka 2000, aliona kuwa kwa dawa zilizotolewa na wahudumu, muda wa kati hadi moyo kusimama ulikuwa dakika 5. Kwa wadudu wanaouma ulikuwa 15, na kwa chakula 30. Ndani ya dakika 5 hakuna nafasi ya kutafuta ufunguo wa kabati la dawa. Adrenalini ikae kwenye trei ileile ya sindano, pamoja na bomba na sindano yake, na iangaliwe kila asubuhi: ikiwa imegeuka rangi kuwa ya waridi au kahawia, haifai tena.

Kichupa cha kawaida kina mililita 1 yenye miligramu 1 ya adrenalini. Mtu mzima, akiwemo mjamzito, hupewa miligramu 0.5, yaani nusu ya kichupa. Mtoto hupimiwa miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, bila kuvuka 0.5. Mahali pa kuchoma ni msuli wa paja, katikati, upande wa nje, sindano ikiingia wima hadi ndani ya msuli. Nguo ikiwa nyepesi na hakuna wakati, choma juu ya nguo. Si mkononi, na si chini ya ngozi. Mwaka 1998 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Estelle Simons walilinganisha njia hizo kwa watoto. Adrenalini iliyochomwa kwenye msuli wa paja ilifika kileleni katika damu kwa wastani wa dakika 8, na iliyochomwa chini ya ngozi ikachukua dakika 34. Ndani ya dakika hizo 34 mama yetu angekuwa amekwisha kufariki.

Wala asipewe kipimo hicho kwenye mshipa wa damu. Miligramu 0.5 ikimiminwa mshipani kwa mtu ambaye moyo wake bado unapiga inaweza kuuvuruga mdundo wa moyo hadi usimame. Njia ya mshipa ni ya mtaalamu mwenye mashine ya kufuatilia moyo, kwa kiwango kidogo kilichopimwa kwa uangalifu. Pajani, kwa kiwango sahihi, hakuna sababu ya kuizuia. Mgonjwa atatetemeka na kuhisi moyo unadunda kwa nguvu, na atulizwe kwa kuambiwa kuwa ni dawa inafanya kazi. Wengine huogopa kwamba itamdhuru mtoto tumboni. Kinachomdhuru mtoto ni presha ya mama kuanguka na kondo la nyuma kukosa damu.

Kosa ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote ni kuanza na haidrokotisoni na Piriton kwa sababu zimezoeleka na haziogopeshi. Piriton hutuliza muwasho na mabaka. Haifungui koo wala haipandishi presha. Haidrokotisoni huchukua saa kadhaa kuanza kufanya kazi. Adrenalini hubana mishipa iliyolegea, hufungua vijia vya hewa, huupa moyo nguvu, na hupunguza kemikali zinazoendelea kumwagwa na seli za mzio. Ndiyo dawa yenyewe. Zile nyingine, kama zitatolewa, zingoje nyuma yake.

Wakati huohuo mwenzake ameita msaada, na mama amelazwa. Mlalo nao ni tiba. Katika anafilaksia mishipa ya damu hulegea na kuvuja, na sehemu kubwa ya majimaji ya damu, hata theluthi yake, inaweza kuhamia kwenye nyama za mwili ndani ya dakika 10. Kidogo kinachobaki kikishuka miguuni, moyo hubaki kama pampu iliyotumbukizwa kwenye kisima kilichokauka: unapiga, lakini hauna cha kusukuma. Mwaka 2003 Pumphrey alichapisha uchunguzi wa vifo 10 vilivyotokea nje ya hospitali. Katika 4 kati yake mgonjwa alifariki muda mfupi baada ya kuinuliwa, akakaa au akasimama.

Kwa hiyo mgonjwa wa kawaida hulazwa chali, miguu imeinuliwa. Anayepata shida zaidi ya kupumua huruhusiwa kuegemea nusu kukaa, lakini miguu ibaki imenyooshwa kitandani, isining'inie. Mjamzito hulazwa ubavu wa kushoto, maana akilala chali tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mlalo huo humfaa pia anayetapika. Mama yetu, kwa hiyo, amelala ubavu wa kushoto sakafuni kando ya benchi, na muuguzi anamwambia mama mkwe kwa heshima lakini bila kulegeza: "Mama, naomba tusimwinue. Akikaa sasa hivi damu haitafika kichwani. Na maji asinywe, koo lake limebana."

Anavalishwa barakoa ya oksijeni, lita 10 hadi 15 kwa dakika, kama mtungi upo. Mwingine anamtafutia mshipa na kumwekea dripu kubwa. Dakika tano baada ya sindano ya kwanza presha ni 84 kwa 46, na kifua bado kinapiga filimbi. Anachomwa adrenalini ya pili, nusu kichupa, paja la pili. Sindano hii hurudiwa kila dakika 5 iwapo hali haijatengemaa; ikishindikana baada ya mara mbili, mgonjwa anahitaji wataalamu wa dharura huku sindano zikiendelea. Lita moja ya maji ya chumvi inaingizwa kwa kasi. Baada ya dakika nyingine kumi presha ni 104 kwa 62, mapigo 108, oksijeni 96, na sauti yake inasikika vizuri.

Hapo ndipo hatari ya pili huanza, kwa kuwa kila mtu anashusha pumzi. Mama anasema amepata nafuu na anataka kwenda chooni. Asiende. Aletewe chombo palepale alipo, na akibebwa kupelekwa kwenye gari la wagonjwa, abebwe amelala. Presha, mapigo, upumuaji na oksijeni hupimwa kila dakika 5 hadi vitulie, kisha kila robo saa, halafu kwa nafasi kubwa zaidi kadiri anavyoimarika. Kila kipimo kiandikwe pamoja na saa yake, kwa maana namba moja haisemi lolote kama hujui ilikotoka. Mapigo ya mtoto nayo yasikilizwe. Ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika.

Mzio huu unaweza kurudi wenyewe baada ya kutulia, bila sindano nyingine. Ndiyo maana mwongozo wa Baraza la Ufufuaji la Uingereza wa mwaka 2021 unataka aliyehitaji adrenalini mara mbili aangaliwe angalau saa 6 baada ya dalili kuisha. Kwa mama yetu saa 6 hazitoshi. Benzathini hukaa kwenye msuli na kuingia katika damu polepole kwa wiki kadhaa, na haiwezekani kuichomoa. Mwongozo huohuo unataka angalau saa 12 pale kinacholeta mzio kinapoendelea kuingia mwilini, na vilevile pale mgonjwa anapoishi mbali na huduma ya dharura. Apewe rufaa, alale hospitali, na zamu ya usiku ijulishwe kwamba mabaka mapya, kikohozi au kizunguzungu saa nane usiku ni sababu ya kuchoma adrenalini tena pajani.

Barua ya rufaa iandike jina la dawa, saa aliyochomwa, dakika dalili zilipoanza, zilikuwa zipi, na adrenalini kiasi gani saa ngapi. Maneno "ana aleji" peke yake hayamsaidii daktari, kwa sababu kaswende bado haijapona, na kwa mjamzito penisilini ndiyo dawa inayoaminika kumfikia mtoto. Katika hospitali kubwa kuna utaratibu wa kumzoesha mgonjwa penisilini kwa vipimo vidogo vinavyopandishwa hatua kwa hatua, chini ya uangalizi wa karibu. Lisipowezekana hilo, hutumika dawa mbadala, na kadi ya kliniki ionyeshe wazi kuwa mama hakutibiwa kwa penisilini, ili mkunga atakayempokea mtoto ajue kwamba huyo mtoto naye ni wa kuchunguzwa na kutibiwa kaswende tangu siku anayozaliwa.