Jagi la umeme la mtumba: soma tangazo, kisha lichemshe

Mama au baba anayewaandalia watoto chai kabla ya shule, katika asubuhi za baridi za Usangi au Ugweno, hushukuru kuwa na jagi la umeme. Ukitaka kununua lililokwisha kutumika, au kuuza la kwako hapa Mwanga, tangazo lake liwe kama hili:

"Jagi la lita 1.7. Wati 1850–2200. Linajizima lenyewe. Waya sentimita 75. Limejaribiwa: lita 1 ya maji baridi imechemka kwa dakika 4, likajizima baada ya sekunde 15."

Wati zina namba mbili kwa sababu nguvu ya jagi hufuata nguvu ya umeme. Jagi hili hutoa wati 2200 kwenye volti 240, na 1850 kwenye volti 220. Umeme ukiwa mzuri, lita moja huchemka kwa dakika tatu hivi. Dakika nne huenda zinaonyesha umeme hafifu tu, si ubovu wa jagi. Kwenye LUKU, lita hiyo hula takriban sehemu moja ya kumi ya yuniti. Kinachopandisha matumizi zaidi ni kujaza jagi lote kwa ajili ya vikombe viwili.

Jambo kubwa ni hizo sekunde 15. Maji yakichemka, mvuke hupita kwenye tundu dogo na kupasha moto kibamba cha metali kilicho karibu na swichi. Kibamba hujikunja, swichi inaruka. Kwa kuwa kinasubiri mvuke, hufanya kazi hata milimani, ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Lakini mfuniko usipofunga vizuri, mvuke hutoka juu na jagi linaendelea kuchemka.

Kwa hiyo, jaribu mbele ya muuzaji. Weka lita moja, funga mfuniko, usiondoke. Maji yakishatokota kwa nguvu, anza kuhesabu. Dakika nzima ikipita bila swichi kuruka, zima kwenye soketi na usilinunue. Kisha lichomoe na ukague plagi: isiwe ya moto, isiwe na alama ya kuungua. Angalia pia kama kitako kinavuja.

Waya mfupi si kasoro. Sentimita 75 haziachi waya mrefu wa kuning'inia ukingoni mwa meza, ambako mtoto anaweza kuuvuta na kujimwagia maji ya moto. Usiurefushe kwa ekstensheni nyembamba. Jagi hili huvuta karibu ampea 9, na waya mwembamba hupata moto. Sogeza meza karibu na soketi ya ukutani.

Na wewe unayeuza, kama jagi lako halijizimi, usiandike "zima kabisa". Litengenezwe kwanza, au usiliuze.