Dawa Inayorudisha Jicho Lililotokeza, na Hatari Yake kwa Sikio

Mnamo tarehe 21 Januari 2020, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha teprotumumab, inayouzwa kwa jina la Tepezza. Ilikuwa dawa ya kwanza nchini humo kuruhusiwa mahususi kwa ugonjwa wa macho unaotokana na tezi ya thairoidi. Kabla ya hapo wagonjwa walitegemea steroidi, mionzi na upasuaji. Steroidi hupunguza uvimbe na maumivu, lakini mara nyingi haziwezi kurudisha ndani jicho lililokwisha kutokeza. Dawa mpya iliweza. Baadaye ikaonekana kwamba baadhi ya waliopona macho walianza kulalamikia masikio.

Ili kuelewa kwa nini jicho na sikio viguswe na dawa moja, tuanze na ugonjwa wenyewe. Wengi wanaoupata wana ugonjwa wa Graves, ambao huifanya tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, itoe homoni kupita kiasi. Chanzo chake ni kinga ya mwili kukosea njia. Kwa kawaida kingamwili ni protini zinazotengenezwa na mwili ili kupambana na vijidudu. Kwa mgonjwa wa Graves, baadhi ya kingamwili hizo hunasa kwenye kipokezi cha tezi na kuichochea ifanye kazi usiku na mchana. Moyo huenda mbio, mwili hukonda, mikono hutetemeka.

Kipokezi hicho hakipo shingoni peke yake. Kipo pia kwenye seli za tishu zilizo nyuma ya jicho, na huko kina mwenzake, yaani kipokezi cha kichocheo cha ukuaji kiitwacho IGF-1. Vipokezi hivi viwili hukaa pamoja na kufanya kazi kwa ushirikiano, na kwa wagonjwa hawa kile cha IGF-1 huongezeka kuliko kawaida. Kingamwili zinapovichochea, seli huanza kutengeneza mafuta na kutoa kwa wingi asidi ya haluroni, dutu inayonyonya maji kama sifongo. Misuli inayozungusha jicho nayo hunenepa.

Tatizo ni kwamba jicho limezungukwa na mfupa ambao hautanuki. Kila kinachovimba nyuma yake hulisukuma mbele. Kope hushindwa kufunga vizuri, jicho hukauka na kuwasha, na misuli iliyovimba hushindwa kuvuta macho yote mawili upande mmoja, hivyo mgonjwa huona vitu viwili viwili. Uvimbe ukiubana mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, rangi hufifia, hasa nyekundu, na uwezo wa kuona huanza kupotea.

Teprotumumab nayo ni kingamwili, ila imetengenezwa maabara. Hapo awali ilibuniwa kutibu saratani, kwa sababu seli za saratani nazo hutumia IGF-1 kukua, lakini huko haikufanikiwa. Kazi yake ni kukamata kipokezi cha IGF-1 na kukiziba, kisha seli hukimeza na kukivunja. Kipokezi kikishaondoka, amri ya kuvimba hukatika, na tishu zilizo nyuma ya jicho huanza kupungua.

Matokeo yalipimwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020, likiwa na wagonjwa 83. Nusu walipewa dawa na nusu wakapewa dripu isiyo na dawa. Daktari alipima kwa milimita jicho limetokeza kiasi gani. Baada ya wiki 24, asilimia 83 ya waliopata dawa macho yao yalikuwa yamerudi ndani kwa milimita 2 au zaidi, dhidi ya asilimia 10 tu ya wale wengine. Wastani wa kurudi ulikaribia milimita 3. Wengi pia walipata nafuu ya kuona vitu viwili viwili. Milimita 3 zinaweza kusikika kama si kitu, lakini kwa mgonjwa ndizo zinazoamua kama kope litafunga anapolala.

Tuchukue mfano wa mgonjwa mwenye kilo 70. Dripu ya kwanza hupimwa kwa miligramu 10 kwa kila kilo, yaani miligramu 700. Baada ya hapo hupata dripu 7 nyingine, moja kila baada ya wiki 3, za miligramu 20 kwa kila kilo, yaani 1,400 kila mara. Kichupa kimoja kina miligramu 500, hivyo atahitaji vichupa 2 mara ya kwanza na 3 kila mara baadaye. Jumla ni vichupa 23. Kwa bei iliyotangazwa Marekani dawa ilipoingia sokoni, takriban dola 14,900 kwa kichupa, matibabu hayo yanapita dola 340,000. Hata hivyo, si kila aliyepona hubaki hivyo, maana kwa baadhi jicho hutokeza tena baada ya dawa kusimamishwa.

Sasa tuje kwenye sikio. Ndani yake kuna seli zenye vinyweleo vidogo sana zinazogeuza mtetemo wa sauti kuwa ujumbe kwa ubongo. Seli hizo zikifa haziota tena, na IGF-1 ni miongoni mwa vitu vinavyosaidia kuzilinda. Watoto wanaozaliwa na hitilafu nadra ya kutotengeneza IGF-1 huwa na upungufu wa kusikia. Kwa hiyo dawa inayoziba kipokezi hicho mwili mzima inaweza kuliacha sikio bila ulinzi wake. Huenda hiyo ndiyo njia ya madhara, ingawa haijathibitishwa kikamilifu.

Katika majaribio ya awali, karibu mgonjwa mmoja kati ya 10 alipata tatizo la kusikia, na mengi yalikuwa mepesi. Kliniki zilipoanza kuwauliza wagonjwa moja kwa moja kuhusu masikio, malalamiko yaliongezeka. Wengine husikia mlio usiokoma, wengine huhisi sikio limeziba au husikia sauti yao wenyewe ikivuma kichwani. Dalili hizi mara nyingi huisha. Kupotea kwa usikivu wenyewe ndiko kunakoweza kubaki, na Julai 2023 maelezo rasmi ya dawa nchini Marekani yaliongezewa onyo kwamba madhara hayo yanaweza kuwa makali, na kwa baadhi ya watu ya kudumu. Aliyekuwa na upungufu wa kusikia tangu awali ana sababu zaidi ya kuwa mwangalifu.

Sikio si pekee. Kipokezi cha IGF-1 kinafanana na cha insulini, ndiyo maana sukari ya damu inaweza kupanda, hasa kwa mwenye kisukari. Misuli hukaza, na ugonjwa wa uvimbe wa utumbo unaweza kuchachamaa. Mjamzito hapaswi kuitumia, na mwanamke anayeweza kushika mimba atumie uzazi wa mpango hadi miezi 6 baada ya dripu ya mwisho.

Kwa mtu ambaye macho yamembadilisha sura na kumnyima usingizi, dawa hii inafaa kufikiriwa, mradi asiingie gizani. Apimwe usikivu kwa mashine kabla ya dripu ya kwanza, katikati ya matibabu na baada ya kumaliza, maana bila kipimo cha mwanzo hakuna wa kujua kilichopotea. Sikio likianza kulia au maneno kusikika hafifu, amwambie daktari kabla ya dripu inayofuata, waamue pamoja kama waendelee au waache.